Neno "Inategemea" Lilivyonikosesha Kazi

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani Nyakato, Mwanza, na daftari la kurasa arobaini na nane. Amemaliza fani ya umeme VETA, mikono yake ni mizuri, nimemwona akivuta waya. Ndani ya daftari kulikuwa na makadirio ya nyumba tano: moja Buswelu, mbili Nyamhongolo, moja Kishiri, moja nyuma ya Mecco. Wateja wote watano walimsikiliza vizuri, wote walimwambia "nitakupigia," na hakuna hata mmoja aliyepiga.

"Mjomba," akaniuliza, "bei yangu iko juu?"

Nikasoma ukurasa wa Buswelu. Pointi ya taa, elfu kumi. Pointi ya soketi, elfu kumi na mbili. Kutindua, kutegemea ukuta. Usafiri, kutegemea siku. Nguzo ya arthi, maelewano. Bei haikuwa juu. Tatizo ni kwamba hapakuwa na bei. Nililifahamu daftari lile, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa nalo kwa miaka sita.

Nilianza kazi mwaka 2008, nikiwa na mafundi wenzangu kwenye kijiwe chetu karibu na kituo cha Nyakato National. Mteja alikuwa anasimama, anasalimia, kisha anauliza swali lile lile: "Fundi, kufunga umeme nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi?" Na sisi sote tulikuwa na jibu lile lile: "Inategemea."

Ni kweli ilitegemea. Nyumba moja ina taa nne za nje, nyingine haina hata moja. Lakini anayeuliza hajui inategemea nini, na ukimweleza unamwongezea maswali. Tulikuwa tunatoza kwa pointi, kama wanavyofanya mafundi wengi mpaka leo. Swichi yenye vitufe viwili ni pointi moja au mbili? Soketi pacha je? Taa mbili zinazowashwa na swichi moja? Kila fundi wa kijiweni alikuwa na hesabu yake. Mteja aliyezunguka kwa mafundi watatu alirudi nyumbani na bei tatu ambazo haziwezi kulinganishwa, kwa hiyo hakulinganisha chochote, aliahirisha.

Nakumbuka mwalimu mmoja wa Igoma. Nilikwenda kwake mara tatu, nikahesabu pointi, nikamwandikia ukurasa mzima. Kila nilipokwenda aliniuliza, "Sasa jumla yote ni ngapi?" na kila mara nilimjibu kwamba jumla tutaijua kazi ikiisha. Wiki ya nne nikapita pale nikakuta kuta zimeshatinduliwa. Kazi alikuwa amepewa kijana mmoja wa kijiwe cha jirani. Nilipomuuliza alimpataje mwalimu, akasema hakumpimia hata pointi moja. Alimwambia, "Mwalimu, laki mbili na nusu, nakuwashia taa," basi.

Nilimwona kijana yule mjinga. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amejibu swali aliloulizwa, na mimi nilikuwa nimejibu swali langu mwenyewe. Mteja hakuwa ananunua pointi. Alikuwa ananunua nyumba yenye mwanga, na alitaka kujua auze mbuzi wangapi.

Basi na mimi nikaiga. Nyumba iliyofuata ilikuwa mtaa wa juu, upande wa mawe. Nikamwambia mwenye nyumba, baba mmoja mpole sana, "Kazi yote laki mbili na nusu." Tukapeana mikono. Hatukuandika kitu.

Neno "yote" ndilo lililonimaliza. Siku ya pili akaniambia, "Fundi, usisahau chumba cha kijana kule nje." Siku ya nne ikaja soketi ya pampu ya kisima. Kisha soketi ya televisheni ikahamishwa kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, baada ya plasta kupigwa, na mimi nikarudi na patasi kubomoa nilichokwisha kuziba. Sikuweza kukataa, maana nilisema yote, na yeye hakuwa mkorofi. Kwa ufahamu wake vile vitu vyote vilikuwa ni umeme wa nyumba.

Halafu tukafika kwenye arthi. Anayeijua Mwanza anajua kwamba mji huu umekaa juu ya miamba, na miamba ile haiko Bismarck peke yake, iko pia futi moja chini ya uwanja wako. Nguzo ya arthi ni ufito wa chuma uliopakwa shaba, kama mita moja na robo hivi, unaopigwa ardhini ili umeme unaovuja upate njia ya kwenda chini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Nikaipiga kwenye kona karibu na meni swichi. Ikaingia mkono mmoja, halafu ikaanza kulia ile sauti kavu ya chuma juu ya jiwe. Nikahamia kona ya pili, jiwe. Kona ya tatu ikaingia nusu, ikapinda. Msaidizi wangu akashauri tuikate ile iliyobaki juu, tufukie, nani ataona? Ni kweli hakuna ambaye angeona, mpaka siku jiko au pasi inapovujisha umeme kwenye bati lake na mtoto anaigusa. Tulihangaika siku mbili, na mwisho tukapata udongo mbichi nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapomwagika. Ufito ukazama wote. Udongo wenye unyevu ni mzuri kwa arthi, lakini kutoka pale hadi meni swichi palikuwa na mita kumi na mbili za waya ambao hakuna aliyeupangia. Nikaununua mimi.

Nilipomaliza nyumba ile na kumlipa msaidizi, nilibaki na nauli. Nikajifunza kwamba bei moja isiyo na mipaka ni mbaya kuliko bei ya pointi. Bei ya pointi inamchosha mteja, ila haimfilisi fundi. Bei ya "yote" mteja anaikubali upesi, halafu fundi anailipa polepole.

Jibu nililipata mahali ambapo nilikuwa napita kila wiki bila kuangalia. Mwaka 2014 nilimsindikiza mteja kwenda TANESCO kuomba kuunganishiwa. Mama huyu alikuwa amebishana nami siku nne kwa ajili ya shilingi elfu ishirini. Pale aliambiwa kwamba kwa kuwa nyumba yake inahitaji nguzo moja, gharama ni shilingi 515,618. Akaitikia, akauliza analipia wapi, akaondoka kutafuta hela. Hakubishana.

Nikiwa kwenye hiace kurudi Nyakato nilijiuliza kwa nini. Woga wa ofisi unaweza kuwa sehemu ya jibu, lakini nilipoitazama ile bei vizuri niliona kitu kingine. Kwa mteja wa njia moja mijini bei zilikuwa tatu tu. Ukiwa ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, 320,960. Ukihitaji nguzo moja, ndani ya mita 70, 515,618. Ukihitaji nguzo mbili, ndani ya mita 120, 696,670. Kila bei ina mpaka ambao mtu yeyote anaweza kuupima kwa hatua zake mwenyewe. Huhitaji kujua waya ni wa saizi gani wala mafundi watakuja wangapi. Unahesabu nguzo, unajua uko kundi lipi. Bei hizo zina umri sasa, na kuna kipindi wateja wengi waliunganishiwa kwa 27,000 kabla ya bei za mijini kurudishwa mwanzoni mwa 2022, lakini umbo lake halijabadilika: bei moja, mpaka mmoja unaoonekana kwa macho.

Mimi nilihitaji mpaka wangu. Nikarudi kwenye madaftari yangu, nikatoa nyumba kumi na mbili za vyumba vitatu nilizozimaliza, nikaandika kila moja ilikuwa na nini. Nilidhani zitatofautiana sana. Hazikutofautiana. Watu wanaojenga vyumba vitatu huku kwetu wanajenga karibu nyumba ile ile. Taa tatu za vyumbani, mbili sebuleni, moja ya kulia chakula, moja jikoni, moja ya korido, mbili za vyoo, moja ya baraza na nne za pembe za nje: jumla kumi na tano. Soketi mbili kila chumba, tatu sebuleni, moja ya kulia chakula na tatu jikoni: kumi na tatu. Ongeza hita ya bafu na jiko la umeme, unapata thelathini. Nyumba tisa kati ya zile kumi na mbili ziliangukia kati ya pointi ishirini na nane na thelathini na mbili. Miaka sita nilikuwa nawaambia watu "inategemea," kumbe ilikuwa inategemea pointi mbili huku na mbili kule.

Kisha nikahesabu siku. Kutindua na kulaza paipu na maboksi, siku tatu. Kuvuta waya, siku mbili. Kufunga swichi, soketi na taa, siku moja na nusu. Kupima na kuwasha, nusu siku. Siku saba. Kwa hela ya wakati ule, mimi nilijipangia 25,000 kwa siku, msaidizi 10,000, boda 3,000, kwa siku saba ikawa 266,000. Diski za grainda na vitu vingine vinavyoisha, 24,000. Jumla 290,000.

Hapo mafundi wengi wanasimama, na ndipo wanapoumia. Nilirudi tena kwenye daftari nikatafuta nyumba zilizoniharibikia, zile za mwamba, za tofali gumu, za paipu iliyozibwa na saruji ya mpiga plasta. Zilikuwa nne kati ya kumi na mbili, na kila moja ilinila kama siku tatu za ziada. Siku moja ya ziada ilinigharimu 38,000, siku tatu 114,000, nyumba nne 456,000. Gawanya kwa nyumba zote kumi na mbili, unapata 38,000. Nikaongeza 40,000 kwenye kila nyumba, ya mwamba na isiyo ya mwamba. Bei ikawa 330,000. Nyumba nyepesi zinailipia nyumba nzito, na mimi sihitaji tena kuomba mawe yasiwepo.

Karatasi niliyochapisha ilikuwa ya upande mmoja. Juu: nyumba ya vyumba vitatu, pointi thelathini, ufundi 330,000, siku saba za kazi. Chini yake, vilivyomo, nikivitaja kwa vyumba na si kwa pointi, ili mteja atembee ndani ya nyumba yake na karatasi mkononi. Kupima na kusaini fomu ya kuombea umeme kwa leseni yangu ya EWURA nikaviweka ndani pia, maana nilishawaona watu wakiogopa kwamba mwishoni watadaiwa "hela ya muhuri." Kisha visivyomo: vifaa, malipo ya TANESCO, nyumba ya nje, pampu, na ukarabati wa plasta na rangi.

Mstari wa arthi niliuandika kwa makini kuliko yote. Ufito utazamishwa wote, popote ndani ya mita kumi kutoka kwenye meni swichi, hata tukigota mara tano, na hakuna nyongeza ya ufundi. Tukilazimika kwenda zaidi ya mita kumi, mteja ananunua waya uliozidi, na kuutandika ni juu yangu.

Mstari wa mwisho ndio uliookoa urafiki wangu na wateja. Pointi ya ziada kabla ya plasta, 12,000. Baada ya plasta, 25,000. Zamani mtu akiniomba soketi moja zaidi nilikuwa na njia mbili tu: kununa na kufanya, au kukataa na kuonekana mbinafsi. Sasa jibu lilikuwa limeshaandikwa. Wengi wakaanza kufikiria soketi zao mapema, wanazunguka na mke au mume kwenye boma wakionyeshana kitanda kitakaa wapi.

Vifaa niliviacha nje kwa makusudi. Bei ya waya wa shaba inapanda na kushuka, na nikiibeba mimi nitakuwa nacheza kamari. Lakini sababu kubwa ni shaka. Kila mteja anaamini fundi anakula cha juu dukani, na mara nyingi hajakosea. Nikaambatanisha orodha: waya wa 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, mnene zaidi kwa jiko na hita, idadi ya maboksi, paipu, breka. Mteja anakwenda kununua mwenyewe, mimi naangalia tu kama ni shaba kweli. Ubishi ukapungua nusu, kwa sababu hela aliyoniona nayo ilikuwa ile ya kwenye karatasi, hakuna nyingine.

Mtu wa kwanza kuisoma alikuwa mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alikuja asubuhi, tukasalimiana mwangaluka, nikampa. Akasoma akisimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Fundi, hapa umesema mtagota mara tano. Mkigota mara ya sita?"

"Ya sita pia ni yangu, mama."

"Na hii laki tatu na thelathini, nikikupa laki tatu?"

"Nitatoa taa nne za nje."

Akacheka, akaitazama tena karatasi. "Taa za nje ziache. Wezi wa huku hawapunguziwi bei." Akapiga picha karatasi ile kwa simu, akamtumia mumewe aliyekuwa Geita. Kabla ya saa sita mchana hela ya kwanza ilikuwa imeingia.

Ile picha ilinifundisha jambo ambalo sikulipanga. Anayekuja kuuliza bei mara nyingi siye anayeamua. Mwenye hela yuko mgodini, au Dar, au ni kaka anayesaidia kujenga nyumba ya mama yao. Zamani mteja alilazimika kubeba maelezo yangu kichwani na kuyaeleza kwa simu, na alipofika kwenye "inategemea" yule wa upande wa pili alisema ngoja kwanza. Maneno yangu hayakusafiri. Karatasi inasafiri, na inafika kama ilivyoondoka.

Haikukosa kasoro. Nyumba zetu hazijengwi kwa mwezi mmoja. Mtu anapaua, anapumzika mwaka, anapiga plasta, anapumzika tena. Kuna nyumba niliilaza paipu kwa bei ya 2015, nikaitwa kuvuta waya 2018, mwenye nyumba akiwa na karatasi yake ameitunza kwenye nailoni. Nilivuta kwa bei ile ile, maana nilikuwa sijaandika vinginevyo. Tangu hapo nimeigawa kazi katika hatua tatu zinazofuata ujenzi wenyewe: paipu kabla ya plasta, waya baada ya plasta, vifaa baada ya rangi. Kila hatua ina bei yake, inalipwa kabla haijaanza isipokuwa sehemu ya mwisho inayolipwa taa zikiwaka, na bei inadumu siku sitini. Vijana wangu wanaiita "bando la vyumba vitatu," na kama bando lolote, lina tarehe ya kuisha.

Na iko kazi ambayo haitaki kufungwa hivi. Nilijaribu kutengeneza bando la kurekebisha hitilafu nikashindwa. Baba mmoja alilalamika kwamba Luku inaisha mbio. Ingeweza kuwa hita iliyoachwa, soketi iliyoingia maji, au waya uliochubuka ndani ya ukuta. Dakika kumi au siku tatu. Huwezi kupangia bei kitu ambacho hujakiona. Lakini kukitafuta kunapangika. Siku hizi natoza bei moja ya kutafuta, isiyozidi saa mbili. Nachomoa kila kitu, natazama taa ndogo ya mita ikiendelea kuwakawaka, nazima breka moja moja mpaka itulie, kisha naifungua njia ile. Kwa baba yule ilikuwa soketi ya nje iliyojaa mchwa na maji ya mvua. Mwishoni mteja anapata maandishi ya nilichokiona na bei ya kukitengeneza, akitaka amwite fundi mwingine. Wachache sana humwita.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, tukakaa mezani na lile daftari lake mpaka usiku. Nyumba nne kati ya tano zilikuwa za vyumba vitatu. Hakuwa na nyumba kumi na mbili za kupimia, nikampa zangu, siku zake akazihesabu mwenyewe kwa kuwa yeye ni mwepesi wa mkono na mzito wa kupima. Alipofika kwenye arthi aliniuliza aandike mita ngapi. Nikamwambia Buswelu aende akachimbe kwanza kwa sururu, dakika tano, ndipo aandike.

Siku ya tatu akanionyesha ujumbe kutoka kwa mama wa ile nyumba ya Buswelu. Ulikuwa na swali moja tu: "Soketi ya pampu imo?"

"Haimo," alikuwa amemjibu. "Ni elfu kumi na mbili, kabla ya plasta."

Chini yake mama alikuwa ameandika: "Iweke. Unaanza lini?"